Baada ya Kifo cha Kujiua: Hatia na Maswali ya Wafiwa katika Same na Milima ya Upare

Kifo cha mtu aliyejiua huwaachia wafiwa hatia na swali la "kwa nini", na viwili hivyo hulishana. Swali likikosa jibu, hatia hujitolea kulijibu: amekufa kwa sababu mimi sikupokea simu, sikumrudishia fedha zake, sikukaa naye siku ile. Jibu hilo linaumiza, lakini wengi huling'ang'ania kwa kuwa linaonekana bora kuliko kukosa jibu kabisa. Ndiyo maana mfiwa haponi kwa kuambiwa tu asijilaumu. Anahitaji kujua swali lake limejengwa na nini, sehemu gani inajibika na sehemu gani haijibiki.

Ndani ya "kwa nini" mna maswali matatu. La kwanza ni la tukio: nini hasa kilitokea? La pili ni la chanzo: nini kilimfikisha hapo? La tatu ni la uwezo: je, kuna mtu aliyeweza kuzuia? Katika mji wa Same na vijiji vya milimani, kuanzia Chome, Mbaga na Suji hadi Gonja na Mamba, na upande wa Upare ya Kaskazini huko Usangi na Ugweno, kila swali lina watu wake. La tukio hushikwa na polisi na daktari. La chanzo hugombewa na ukoo, majirani na viongozi wa dini. La uwezo humbakia mfiwa mwenyewe usiku, watu wakishaondoka.

Siku za kwanza: tukio na sheria

Kifo cha ghafla au cha kutatanisha ni jambo la kisheria kabla hakijawa msiba. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24 ya Sheria za Tanzania, inataka kifo cha namna hiyo kitolewe taarifa na kichunguzwe. Kijijini habari hupita kwa mwenyekiti au mtendaji hadi polisi, ambao huja na daktari au kuagiza mwili upelekwe hospitali. Ikionekana hapana dalili ya mkono wa mtu mwingine, ndugu hukabidhiwa mwili wakazike.

Kwa mfiwa, saa hizo zina uzito wa pekee. Mkewe au mamaye anaulizwa nani alimwona mwisho, waligombana nini, alisema nini. Ni maswali ya lazima, kwa kuwa polisi hawana budi kuhakikisha kuwa si mauaji. Lakini mtu aliye katika bumbuwazi huyasikia kama mashtaka, na mara nyingi maneno ya mpelelezi ndiyo yanayogeuka baadaye kuwa maneno ya hatia yake. Hata hivyo, uchunguzi una faida moja ambayo familia huipoteza inapofanya haraka kuzika: unajibu swali la kwanza. Familia isiyouliza matokeo ya daktari huacha mlango wazi, na kwa mlango huo huingia uvumi kwamba aliuawa, alirogwa au alilishwa kitu. Uvumi huo unaweza kugawa ukoo kwa miaka. Ndugu mmoja mwenye utulivu akienda kituoni na hospitali baada ya mazishi na kuuliza kilichoandikwa, swali la tukio linaweza kufungwa.

Sheria ina kivuli kingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya kifungu kama hicho kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinapingana na katiba, Januari 2025. Aliyekufa hashtakiwi, lakini kivuli cha kosa huanza kazi mapema zaidi. Familia iliyowahi kumwokoa mtu wake mara ya kwanza huenda ilinyamaza kwa kuogopa polisi, ikamtibu kwa siri, ikakubaliana lisisemwe tena. Akifa mara ya pili, ukimya ule hugeuka kuwa shtaka: tungesema, angetibiwa. Haki inataka ikumbukwe kwamba ukimya haukuwa uzembe. Uliamuliwa na watu waliokuwa wakimkinga ndugu yao na kitu walichokiona kuwa hatari zaidi siku ile.

Hatia inavyojengwa

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha jinsi hatia inavyojijenga. Mkulima wa tangawizi wa Mamba, mwenye miaka thelathini na kitu, amekufa kwa kujiua. Bei ilishuka msimu ule na alikuwa na mkopo. Jumapili alimpa kijana wa jirani jembe lake zuri. Jumatatu aligombana na mkewe juu ya ada ya shule. Jumanne usiku alimpigia mdogo wake aliyeko Dar es Salaam, naye hakupokea kwa kuwa alikuwa amelala. Jumatano asubuhi alipita kwa mama yake, akanywa chai, akaondoka bila maneno mengi.

Kabla ya mazishi, kila mmoja alikuwa na kipande chake tu: kijana jembe, mke ugomvi, mdogo simu, mama ile chai. Msiba uliwakutanisha. Vipande vikawekwa pamoja, na vilipopangwa kwa siku zake vikaonekana kama ngazi inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye kifo. Kila mmoja akaiona ngazi nzima, na kila mmoja akajihukumu kana kwamba aliiona yote siku ile aliposimama kwenye kidato chake kimoja.

Hili ni kosa la akili linalojulikana vizuri. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwapa watu habari za vita vya mwaka 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Makundi mbalimbali yaliambiwa matokeo tofauti, kisha kila kundi likaulizwa ni matokeo gani yangetarajiwa na msomaji asiyejua mwisho. Kila kundi liliona kwamba matokeo liliyoambiwa ndiyo yaliyokuwa na dalili nyingi tangu mwanzo. Ukishajua mwisho, akili huokota yanayouelekea na kuyaacha mengine, wala haitambui kwamba imechagua.

Yaliyoachwa katika mfano huu si machache. Wiki ile ile mkulima alikuwa ameagiza mbegu, amekubali kwenda kwenye harusi Hedaru, na amemwahidi mtoto viatu. Kwa mwaka mzima alikuwa akimpigia mdogo wake usiku, mara nyingi kwa mazungumzo tu, na simu nyingi zilikosa kupokelewa bila madhara. Ugomvi wa ada ulikuwapo kila Januari na kila Julai. Kutoa jembe kulionekana ukarimu, kwa kuwa alikuwa mkarimu. Hakuna hata dalili moja iliyokuwa na maana moja tu siku ilipotokea. Kifo ndicho kilichozipa maana hiyo.

Wanaofanya kazi ya kutambua hatari hawana uwezo ambao mfiwa anajilaumu kwa kutokuwa nao. Huko Marekani, daktari wa akili Alex Pokorny alifuatilia wagonjwa 4,800, askari wa zamani, na kuchapisha matokeo mwaka 1983. Katika miaka mitano 67 walijiua. Kwa kutumia vipimo alivyokuwa navyo aliwaweka 803 katika kundi la hatari kubwa, na katika hao waliojiua walikuwa 30. Wengine 37, yaani zaidi ya nusu ya waliokufa, hawakuwa katika kundi hilo. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365 za miaka hamsini wakakuta kwamba uwezo wa kutabiri nani atajiua ulizidi kidogo tu kubahatisha. Ikiwa wataalamu wenye mafaili na muda hawakuweza, mama mwenye kikombe cha chai mkononi hana cha kujishtaki kwa kutotambua.

Hii haina maana kwamba hakuna kinachozuia kujiua. Matibabu ya sonona, kumsindikiza aliye katika dhiki na kumwondolea karibu vitu vya kujidhuru huokoa maisha, na anayeona dalili leo ana sababu ya kuuliza waziwazi na kutafuta msaada leo. Lakini kuzuia kwa jumla ni jambo moja, na kujua kwamba mtu huyu, usiku huu, atakufa, ni jambo jingine. Hatia ya mfiwa huyachanganya mawili hayo.

Kosa la kweli na chanzo cha kifo

Si kila hatia ni ya kufikirika. Pengine mume alimpiga mkewe, baba alimfukuza mwanawe nyumbani, ndugu alikula fedha za shamba la pamoja, au mtu alitoa neno la kudhalilisha mbele za watu. Kumwambia mfiwa wa namna hii kwamba hakufanya lolote ni kumwongopea, naye anajua. Matokeo yake huacha kuongea, kwa kuwa amegundua kwamba wanaomfariji hawataki kusikia.

Edward Kubany, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na askari wa vita vya Vietnam na wanawake waliopigwa na waume zao, alionyesha kwamba hatia hufungamanisha mambo yanayopaswa kupimwa mbalimbali: mtu alijua nini wakati ule, alikuwa na njia gani mbele yake, alikwenda kinyume cha haki au la, na mchango wake katika matokeo ni kiasi gani. Mtu anaweza kuwa amekosa bila kuwa chanzo cha kifo. Baba aliyemfukuza mwanawe alikosa, naye ana la kutubia, lakini atubu kumfukuza. Kifo kilikuwa na mikono mingine mingi: ugonjwa usiotibiwa, pombe, deni, uchungu wa zamani, na saa yenyewe, kwa kuwa wapo wengi ambao kati ya kuamua na kutenda hupita muda mfupi sana.

Kwa vitendo, kazi hii hufanyika kwa karatasi na mtu wa kuaminika. Upande mmoja huandikwa yale yaliyojulikana siku ile, upande mwingine yale yaliyojulikana baada ya kifo. Kisha huorodheshwa kila kilichochangia, na cha mfiwa mwenyewe huandikwa mwisho. Aanzaye na lake hujipa sehemu yote. Akianza na mengine, huona nafasi iliyobaki. Dalili kwamba kazi imekwenda sawa ni kwamba mfiwa huanza kusema "nilimkosea siku ile" badala ya "nilimuua". Maumivu hubaki, lakini sasa yana mpaka na yana njia ya kushughulikiwa: kuomba radhi kaburini au kanisani, kurudisha fedha kwa watoto wa marehemu, kukiri mbele ya wazee.

Hisia mbili hujificha nyuma ya hatia. Moja ni hasira kwa marehemu aliyeondoka na kuacha deni na watoto. Nyingine ni nafuu, hasa pale ambapo ugonjwa wa akili au ulevi ulikuwa umeitesa nyumba kwa miaka. Mila zinakataza kumsema vibaya marehemu, basi hasira hurudi kwa mwenyewe. Nafuu huonwa kuwa usaliti. Zote mbili ni za kawaida katika vifo hivi, na zikitajwa kwa majina yake, sehemu ya kile kilichoitwa hatia huyeyuka.

Lawama ndani ya ukoo

Mtu mmoja akishindwa kuubeba uzito wa swali, huutua juu ya mwingine. Mara nyingi anayetuliwa ni mjane, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba na ndiye aliyetoka ukoo mwingine. Lawama hiyo hupata nguvu inapokuwa na faida: shamba, nyumba au ng'ombe vinavyobishaniwa. Kikao cha ukoo baada ya mazishi, ambacho kazi yake ni kusoma hesabu ya rambirambi, kutaja madeni na kupanga malezi ya watoto, kinaweza kugeuka kesi. Ishara ya hatari ni pale sababu ya kifo inapojadiliwa katika kikao kile kile kinachojadili mali. Wazee wenye busara huyatenga: mirathi siku yake, na mazungumzo ya marehemu siku yake.

Wapo pia walio mbali. Wapare wengi wanaishi Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Tanga, nao hupanda milimani kwa mazishi na kushuka baada ya siku mbili tatu. Hatia yao ni ya umbali: sikufika Krismasi, nilituma fedha nisiulize hali. Huondoka kabla maswali hayajaanza kuulizwa kwa sauti, na hubaki nayo peke yao mjini, ambako wafanyakazi wenzao wanajua tu kwamba "alikuwa na msiba".

Kinachosemwa hadharani

Katika mazishi husomwa wasifu wa marehemu, na mstari mgumu kuliko yote ni wa namna alivyofariki. Familia nyingi huandika "alifariki ghafla" au "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Kwa umati wa waombolezaji, ufupi huo si dhambi. Tatizo huanza pale maneno ya hadharani yanapogeuka kuwa sheria ya nyumbani, hata wanaojua ukweli wasiweze kuuzungumza wao kwa wao.

Ukimya huu una mizizi. Nchini Uganda, James Mugisha na wenzake walichapisha mwaka 2011 uchunguzi juu ya Baganda ulioeleza jinsi jamii inavyojitenga na kifo cha kujiua kwa kupunguza maombolezo na desturi za mazishi, ili balaa lisiendelee katika ukoo. Mantiki hiyo haikusudii ukatili. Inataka kulinda walio hai. Lakini gharama yake humwangukia mfiwa, ambaye ananyimwa maombolezo anayoyahitaji.

Watoto hulipa zaidi. Mtoto asiyeambiwa hujua kwamba kuna jambo, kisha hulisikia shuleni au kisimani kwa maneno mabaya. Tena watoto wadogo huamini kwamba mawazo yao yana nguvu ya kutenda: aliyemkasirikia baba jana huweza kuamini kwamba hasira yake ndiyo iliyomuua. Kinachofaa ni ukweli mfupi unaolingana na umri, usemwe na mtu anayempenda, bila maelezo ya namna ilivyotendeka: baba alikuwa na maumivu makubwa katika mawazo yake, akajiua, na hakuna ulichofanya wewe kilichosababisha.

Swali la dini

Katika Upare swali la "kwa nini" huongezewa la "yuko wapi sasa", na jibu hutegemea nyumba ya ibada. Waadventista Wasabato, waliofika Mamba mwaka 1903, hufundisha kwamba wafu wamelala bila fahamu hadi ufufuo. Kwa fundisho hilo marehemu hateseki popote sasa, na hukumu ni ya Mungu ajuaye yote. Kanisa Katoliki, lenye jimbo lake Same, lilikataza mazishi ya kikanisa kwa aliyejiua kwa makusudi katika sheria yake ya mwaka 1917. Katazo hilo halimo katika sheria ya mwaka 1983, na Katekisimu ya mwaka 1992 inasema kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kuu hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba isikatwe tamaa juu ya wokovu wake. Walutheri wa Dayosisi ya Pare huanza na neema, ambayo haipimwi kwa saa ya mwisho ya mtu.

Kwa Waislamu, kujiua ni dhambi kubwa, lakini hakumtoi mtu katika Uislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, aliyejiua huoshwa, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Hadithi katika Sahihi Muslim inasema kwamba Mtume hakumsalia aliyejiua, na wanazuoni wengi wameieleza kuwa ni kuwaonya walio hai, huku wengine wakimsalia. Katika kitabu hicho hicho imo habari ya mhamiaji aliyeshindwa na maumivu na kujikata viungo vya vidole hadi akafa, naye Mtume akamwombea msamaha. Mfiwa Mwislamu kwa hiyo ana la kumfanyia marehemu wake: dua na sadaka.

Kiongozi wa dini anaweza kujeruhi kwa sentensi moja kaburini. Mahubiri yanayomtumia marehemu kama onyo kwa vijana humwachia mama yake maneno atakayoyarudia kwa miaka. Familia inaweza kumwona kiongozi huyo kabla ya ibada na kumwomba aongee juu ya maisha yote ya marehemu.

Muda, na ishara za kutafuta matibabu

Kwa kawaida swali hubadilika kadiri muda unavyopita. Miezi ya mwanzo mfiwa hupekua: simu, daftari la madeni, ujumbe ulioachwa. Ujumbe ukiwapo hauleti jibu linalotarajiwa, kwa kuwa umeandikwa na mtu ambaye upeo wake ulikuwa umebanwa na maumivu. Unaonyesha saa ile tu. Lawama iliyomo humo isomwe kama sauti ya dhiki, na msamaha uliomo upokelewe. Baadaye kupekua hupungua, si kwa kuwa jibu limepatikana, bali mfiwa amefika mahali anapoweza kusimulia kifo kwa sentensi chache zisizo za uongo na zisizomhukumu mtu.

Kuna wasiofika hapo wenyewe. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua maombolezo yaliyorefuka kuwa ugonjwa pale shauku kali juu ya marehemu inapodumu zaidi ya miezi sita, ikapita kiasi cha mila za mahali na kumzuia mtu kuishi: halimi, hali, halali, haendi kazini. Jambo la haraka zaidi ni mfiwa mwenyewe kuanza kufikiria kufa. Uchunguzi wa Alexandra Pitman nchini Uingereza, uliofanywa kwa watu 3,432 waliofiwa na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba waliofiwa kwa kujiua walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua uliozidi kwa asilimia 65 ule wa waliofiwa ghafla kwa magonjwa. Kumuuliza mfiwa moja kwa moja kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo. Humpa ruhusa ya kusema.

Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Wilayani ipo Hospitali ya Wilaya ya Same, na upande wa Gonja ipo hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Kwa huduma za kibingwa za akili hupewa rufaa kwenda Moshi, katika hospitali ya Mawenzi au KCMC, yapata kilomita mia moja kutoka Same. Umbali huo ndio sababu mtu wa kusindikiza na nauli vipangwe na ukoo kama vinavyopangwa kwa mgonjwa wa mwili.

Swali la tukio, basi, hujibika kwa uchunguzi. La chanzo hujibika kwa sehemu, kwa orodha ya mambo mengi na kamwe si kwa jina la mtu mmoja. La uwezo hujibika pia, likiulizwa sawasawa: kwa yale aliyoyajua mfiwa siku ile, angeweza kutenda tofauti? Kinachobaki bila jibu ni kilichopita moyoni mwa marehemu saa ya mwisho, ambacho hakuna aliye hai aliyekuwapo kukiona.